Taa Iliyozimika Kabla ya Habari

Mwaka 2011 nyumbani kwetu Kihonda, Morogoro, tulikuwa na taa moja ya kuchaji na redio moja, na kwa miaka kumi na tatu iliyofuata niliamini kwamba mimi ndiye niliyeiua ile taa. Sikumwambia mtu. Nilikuwa darasa la tano, nina miaka kumi na moja, na siri ya mtoto wa umri huo hukua pamoja naye kama kovu la kigoti.

Baba aliinunua taa hiyo sokoni mjini mwezi wa Aprili. Ilikuwa ya plastiki nyeupe, yenye mpini juu, tyubu mbili nyembamba zimesimama ubavu kwa ubavu, na swichi ya hatua tatu: kuzima, tyubu moja, tyubu zote mbili. Nyuma yake palikuwa na kitundu cha waya wa kuchajia na taa nyekundu ndogo kama jicho la panya. Karatasi iliyokuja nayo ilisema ichajiwe saa ishirini kabla ya kutumika mara ya kwanza. Baba aliisoma karatasi hiyo mara mbili kwa sauti, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia, mahali zilipokaa nyaraka zote muhimu za nyumba yetu.

Mgao ulikuwa umeanza kutuzoea. Kuna siku umeme ulikatika saa kumi na mbili jioni tu, ukarudi saa tano usiku. Kuna siku uliondoka saa mbili asubuhi na kurudi saa tano hiyohiyo ya usiku, na kufikia Julai siku za namna hiyo ndizo zilikuwa nyingi. Ratiba ilikuwepo, lakini Bibi alisema ratiba ile ilikuwa kama ahadi ya mchumba wa mjini.

Sababu tuliipata redioni. Kila baada ya siku chache mtangazaji alilitaja bwawa la Mtera, na Baba alinyanyua kidole tunyamaze. Alitueleza hivi: Mtera ni ghala. Maji ya Ruaha Mkuu yanatunzwa pale wakati wa masika, kisha yanaachiwa kidogokidogo mwaka mzima. Yanazungusha mitambo ya palepale Mtera, yanateremka hadi Kidatu, huku mkoani kwetu, yanazungusha mitambo mingine mikubwa zaidi. Maji yaleyale, kazi mbili. Bwawa likijaa, uso wa maji unafika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Ukishuka hadi mita 690, mitambo inapaswa kuzimwa. Kwa hiyo nchi nzima, alisema Baba, ilikuwa inatazama mita nane na nusu za maji, na mvua zilikuwa zimetunyima. Jambo lililomuudhi zaidi ni kwamba umeme wa Kidatu unapita Morogoro ukielekea Dar es Salaam. Nguzo za chuma tuliziona wenyewe. Tulikaa gizani umeme ukitupita juu.

“Hiyo Mtera yenu ina kiu kuliko mbuzi wa Dodoma,” alisema Bibi.

Unaweza kuuliza kwa nini taa moja, na koroboi zilikuwa wapi. Zilikuwepo mbili, na chemli moja yenye kioo kilichopasuka. Lakini Juni mwaka huo bajeti ya serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita. Lengo lilikuwa kukomesha uchakachuaji: mafuta ya taa yalikuwa rahisi mno kuliko dizeli, kwa hiyo wajanja walikuwa wanachanganya. Sidhani kama wachakachuaji waliumia kama alivyoumia Mama. Tuliisikia bajeti hiyo redioni, na kesho yake akanituma dukani na chupa ya soda kununua nusu lita. Nilirudi na robo. Tangu hapo koroboi ilikuwa ya jikoni na chooni, na taa ya kuchaji ikawa ndiyo mwanga wa nyumba.

Mwanga huo ulikuwa na wadai wawili. Mama alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, kwa hiyo umeme ukikatika mashine haikusimama. Kilichosimama ni macho yake. Mchana alikuwa na genge la mboga barabarani, kushona kulikuwa kwa usiku. Dada yangu alikuwa darasa la saba, na mtihani wa taifa ulikuwa Septemba. Mmoja alihitaji mwanga kwenye ncha ya sindano, mwingine kwenye karatasi ya hesabu.

Ukiwa na taa moja ndogo unagundua haraka jambo ambalo mimi nilikuja kufundishwa chuoni kwa fomula: ukiondoka umbali wa mara mbili, mwanga haupungui nusu, unabaki robo. Mama akiivuta taa kwa sentimita thelathini, Dada alikuwa anaanza kuinamia daftari mpaka pua inagusa. Kulikuwa na vita ya kimyakimya ya kusukuma taa. Hakuna aliyesema kitu. Taa tu ilikuwa inatembea mezani, inakwenda na kurudi.

Baba ndiye aliyeleta suluhu. Alichukua mfuniko mkubwa wa sufuria, ule wa pilau ya sikukuu, akausugua kwa majivu mpaka uking'aa, akausimamisha nyuma ya taa. Mwanga uliokuwa unapotea ukutani ukarudi mezani. Kisha akaiinua taa juu ya debe lililopinduliwa, pembeni ya kichwa cha cherehani, Dada akaketi upande wa pili akimtazama Mama, magoti yao yakigongana chini ya meza. Kwa tyubu moja, wote wawili waliona. Tyubu ya pili ilikatazwa kabisa isipokuwa Mama akitunga uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi.

Sisi wengine tulikaa nje ya duara la mwanga, na huko ndiko ilikokuwa redio.

Redio ilikuwa ya Bibi. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho na alikuwa anaona vivuli tu, kwa hiyo alijigamba kuwa mgao haumhusu. Aliipakata redio mapajani kama kuku wa kutaga. Mimi ndiye nilikuwa mtu wake wa betri. Redio ilitumia betri nne kubwa, na kazi yangu ilikuwa kuzianika juu ya bati mchana zikianza kuchoka, na kuziuma kidogo kwa magego, kwa sababu kila mtu mtaani aliuma betri zake. Jua lilisaidia kwa jioni moja au mbili. Meno sijui kama yalisaidia chochote, lakini ukubwani bado nina ladha ile ya chuma na gundi ukingoni mwa ulimi. Sheria ya Bibi ilikuwa sauti ndogo. Alisema sauti kubwa inakula betri, na hapo alikuwa sahihi kabisa, kuliko wengi wanaosema mambo kuhusu betri. Tukishusha sauti, betri nne zilimaliza mwezi na zaidi.

Saa ya ukutani tuliyokuwa nayo ilisimama tangu zamani. Usiku, redio ndiyo ilikuwa saa yetu. Saa kumi na mbili na nusu Dira ya Dunia ya BBC, wakati Mama anapepeta mchele kwa mwanga wa mwisho wa mlangoni. Tulikula mapema, na redio ilipotaja saa moja usiku Baba aliwasha taa. Si kabla. Hata giza liingie mapema kiasi gani kwa sababu ya mawingu ya Uluguru, taa iliwashwa saa moja. Saa mbili, ngoma za taarifa ya habari, na kanyagio la Mama likasimama kwa dakika chache za vichwa vya habari. Baada ya habari, mazungumzo na muziki, mpaka redio itaje saa tatu, kisha saa nne. Naomba msomaji azishike saa hizi, nitazirudia.

Baba alikuwa na amri mbili kuhusu taa, na zote mbili zilitoka kwenye mapenzi yake kwa kile kitu. Amri ya kwanza: taa isizimwe mpaka ijizimie yenyewe. Alipewa ushauri huo na kijana aliyemuuzia simu yake ya kwanza, kwamba betri inayochajiwa kabla haijaisha inakuwa mvivu. Kwa hiyo hata Mama na Dada walipomaliza kazi, Baba aliiacha iwake mezani peke yake mpaka tyubu ififie, iwe ya rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, ncha zake ziwe nyekundu, kisha ife. Tulikuwa tunaitazama kama watu wanaomsindikiza mgonjwa. Amri ya pili: isilale kwenye chaji baada ya kucha. Umeme ukirudi saa tano usiku, Baba aliichomeka, na alipoamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini aliichomoa, akiogopa umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo utaiunguza. Jirani yetu alikuwa amepoteza televisheni hivyo.

Sasa nije kwenye usiku wangu.

Ilikuwa mwishoni mwa Agosti. Bungeni, makadirio ya wizara ya nishati yalikuwa yameahirishwa Julai na kurudishwa mwezi huohuo wa Agosti na mpango wa dharura, na Baba alifuatilia kila neno. Mimi nilikuwa nafuatilia kitu kingine: riwaya ya upelelezi isiyo na jalada, niliyoazimwa na mtoto wa mtaa wa pili kwa sharti la kuirudisha kesho yake asubuhi. Zilikuwa zimebaki siku tatu Idd ifike. Mama alikuwa na magauni matano ya watoto wa majirani, yote yamekatwa, mawili tu yameunganishwa. Dada alikuwa na wiki moja na kitu kabla ya mtihani.

Umeme ulirudi saa tano. Baba alichomeka taa, watu wakalala. Nililala chumba kimoja na Dada na Bibi, na balbu ya chumba ikiwashwa Baba aliiona kupitia juu ya ukuta, maana nyumba haikuwa na dari. Nilingoja mpaka nisikie anakoroma, nikanyata sebuleni, nikaichomoa taa, nikaiingiza chini ya shuka. Nilisoma kwa tyubu moja. Mpelelezi alikuwa amefungwa kwenye ghala la pamba huko Mwanza. Sikumbuki kama alitoka, kwa sababu nililala.

Nilipoamka taa ilikuwa baridi na nyeusi pembeni ya sikio langu, na Baba alikuwa anakohoa chumbani kwake, kile kikohozi chake cha kuamka. Niliirudisha kwenye waya. Jicho la panya likawaka. Dakika chache baadaye Baba akaichomoa, akaenda kazini. Saa mbili asubuhi umeme ukaondoka kwa siku nzima.

Jioni redio ilipotaja saa moja, Baba akabonyeza swichi. Taa ikawaka kwa kitambo cha mtu kutunga uzi, ikawa nyekundu kwenye ncha, ikazima. Akaibonyeza tena. Akaitikisa. Akaipeleka sikioni, kana kwamba ingesema kitu. Mimi nilikuwa gizani karibu na Bibi, na Bibi alikuwa ameniwekea mkono mgongoni kama kawaida yake, na niliogopa kwamba atausikia moyo wangu.

“Vitu vya siku hizi,” Baba akasema, akaiweka chini taratibu.

Mama hakusema kitu. Alikusanya vipande vya magauni, akavifunga kwenye kanga, akaenda kwa fundi mmoja karibu na kituo cha daladala aliyekuwa na jenereta, akalipa ili ashonee pale. Alirudi baada ya saa nne. Usiku uliofuata alijaribu kumalizia nyumbani kwa mshumaa, na kwenye gauni la mwisho mikono aliigeuza, wa kulia kushoto, nta ikadondokea kifuani. Mwenye gauni alikuja mkesha wa Idd, akalitazama kwenye jua, akalirudisha. Hakugombana, na ingekuwa afadhali angegombana. Dada alisoma kwa koroboi. Asubuhi alikuwa anajipenga kamasi nyeusi, na alinionyesha kitambaa akicheka.

Taa haikurudi tena kuwa taa. Ilichajiwa mchana mzima siku umeme ulipokuwepo, lakini haikupita dakika ishirini. Baba aliifungua kwa bisibisi, akatoa betri ya kijivu iliyovimba mbavuni, akaifunga tena. Ikakaa juu ya kabati. Dada alifaulu, lakini akapangiwa shule ya kata, siyo ile ya bweni ambayo Baba alikuwa ameitaja mara nyingi mpaka tukaijua rangi ya sare yake. Hakuna aliyeihusisha taa na jambo hilo. Mimi niliihusisha, kila muhula Dada alipotembea kilomita nne kwenda na nne kurudi.

Sasa nasoma shahada ya uzamili ya nishati jadidifu. Ningependa kusema nilichagua fani hii kwa sababu ya taa ile, lakini ukweli ni kwamba ndiyo iliyokuwa na ufadhili. Muhula wa pili tulipewa zoezi la maabara: betri ndogo ya risasi na asidi, volti sita, ampea nne kwa saa. Nilipoipokea nililitambua lile boksi la kijivu kabla sijasoma maandishi. Ni ileile iliyokuwemo ndani ya taa yetu.

Zoezi lenyewe ni rahisi. Unaichaji betri mpaka ijae, unaifunga kwenye mzigo unaokula umeme kwa kasi isiyobadilika, unasoma volti kila baada ya dakika tano. Mwanzoni namba inashuka kwa uvivu, karibu hutaiona. Kisha inafika mahali inaporomoka kama mtu aliyekosa ngazi. Mzigo wetu uliwekwa ujikate wenyewe kwenye volti 5.25, na hapo betri bado ina uwezo wa kuwasha kitu, kwa unyonge. Nikamuuliza fundi wa maabara kwa nini tusiimalize. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini asile mbegu.

“Hapo ndipo pa kusimama,” akasema. “Ukishuka zaidi unakula mtaji.”

Akanieleza kilichomo ndani. Betri ya namna hii ikitoa umeme, bamba zake za risasi hufunikwa na salfeti ya risasi. Ukiichaji mapema na ukaijaza, salfeti inayeyuka na kurudi ilikotoka. Ukiikamua mpaka mwisho, au ukiichaji nusunusu kila siku, fuwele za salfeti zinakua na kuwa ngumu, na sehemu ile ya bamba haifanyi kazi tena. Huoni lolote kwa nje. Unaona tu kwamba muda unapungua. Kuna taa zenye saketi ya kuizuia betri isishuke kupita kiasi. Taa nyingi za bei ya chini za wakati ule hazikuwa nayo. Ziliwaka mpaka ncha za tyubu ziwe nyekundu.

Nilitoka maabara nikakaa kwenye ngazi. Nilianza kuhesabu, na sikuwa na daftari lolote la mwaka 2011 isipokuwa redio.

Mwezi wa Aprili na Mei taa iliwashwa saa moja na ikazima redio ikiwa imeshataja saa nne. Nina uhakika, kwa sababu Bibi alikuwa anasema “saa nne, taa nayo inaaga”. Hizo ni saa tatu za tyubu moja, ndizo hasa ningezitegemea kwa betri mpya ya ukubwa ule. Mwezi wa Juni, usiku wa bajeti, taa ilizima wakati watu wa redio bado wanajadili mafuta ya taa, kabla ya saa tatu na nusu. Nakumbuka Baba akiwajibu gizani. Mwishoni mwa Julai Mama alianza kupanga kazi za sindano zimalizike habari zikiisha. Na katikati ya Agosti kuna jioni ambayo ngoma za saa mbili zilipigwa na sote tulikuwa tayari gizani. Baba alicheka, akasema leo taa imelala kabla ya habari. Tulicheka wote. Hiyo haikufika hata saa moja kamili, na ilikuwa karibu wiki mbili kabla mimi sijaigusa.

Kwa hesabu hiyo, betri ilikuwa imeshapoteza zaidi ya theluthi mbili za uwezo wake wakati nilipoiingiza chini ya shuka. Nilichofanya usiku ule ni kuinyima chaji ya siku moja na kuiacha tupu kwa saa chache. Kiliharakisha, sikatai. Lakini kilichoiua ni zile jioni zote tulizokaa kuitazama ikifia mezani kwa amri ya Baba, na zile alfajiri alizoichomoa ikiwa imekula saa sita badala ya kumi na kitu. Alikuwa anaitunza.

Nilimpigia Dada. Sasa ni muuguzi wa zahanati, Kilosa. Nikamweleza yote, riwaya, shuka, salfeti. Alikaa kimya, nikasikia mtoto wake akilia na kubembelezwa.

“We mtoto,” akasema, “nilikuona. Ulikuwa unawaka chini ya shuka kama kaburi la sharifu. Ningekwambia zima, lakini Bibi alikuwa macho, na Bibi akanishika mkono.”

“Bibi hakuwa anaona.”

“Mwanga alikuwa anauona.”

Bibi alifariki mwaka 2016, kwa hiyo hapo hapakuwa na wa kuuliza. Dada akaniuliza kama nina mpango wa kumweleza Baba mambo ya zile amri zake. Nikasema sijui. Akasema, “Mweleze mambo ya riwaya. Hayo mengine yaache kwanza.” Kuhusu shule ya kata hakutaka hata tuzungumze. Alisema hesabu zilimshinda mchana kweupe.

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani. Jioni ya pili umeme ulikatika, saa moja kasoro, mvua ikipiga bati. Baba siku hizi ana taa ya sola, ndogo kuliko sahani, na Mama ameacha kushona usiku. Macho yake sasa anayatunzia mchana. Baba aliiweka taa juu ya debe. Debe ni lilelile. Tukakaa, redio ya Bibi ikiwa dirishani, imefungwa mpira kwenye mfuniko wa betri.

Nilimweleza mambo ya riwaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama yule mpelelezi alitoka ghalani. Nikamwambia sijui, nilisinzia. Akatikisa kichwa. “Na kitabu ulikirudisha?” Nikasema nilikirudisha. Akasema basi.

Baadaye Mama alipoinuka kwenda kulala, nilinyoosha mkono kuizima taa.

“Iache,” Baba akasema. “Ijizimie yenyewe. Betri haitakiwi kuchajiwa ikiwa na kitu.”

Taa ile ina betri ya lithiamu, na ndani yake mna saketi ndogo inayoikata kabla haijajiumiza. Baba anaweza kuiacha iwake hadi mwisho usiku mmoja baada ya mwingine na haitapata madhara ya zile fuwele. Nilirudisha mkono. Ngoma za habari zikapigwa, akanyanyua kidole tunyamaze.